Kisanduku Kisichobeba Kitu

Mfanyabiashara mmoja wa mahindi ana maghala matatu: moja Makambako, moja Songea na moja Sumbawanga. Makambako kuna tani 40, Songea tani 50 na Sumbawanga tani 60. Wateja wake wako miji mitatu. Dar es Salaam wanataka tani 60, Dodoma tani 40 na Mwanza tani 50. Ukijumlisha mzigo wote unapata tani 150, na mahitaji yote nayo ni tani 150. Hakuna kitakachobaki wala kitakachopungua. Swali lake ni moja tu: ghala lipi lipeleke wapi, na kiasi gani, ili nauli yote iwe ndogo kuliko njia nyingine yoyote?

Hizi hapa nauli za tani moja, kwa maelfu ya shilingi. Ni namba za mfano, nimezichagua ziwe rahisi kukokotoa kwa penseli.

| | Dar | Dodoma | Mwanza | Mzigo uliopo |
|---|---|---|---|---|
| Makambako | 60 | 50 | 110 | 40 |
| Songea | 80 | 90 | 140 | 50 |
| Sumbawanga | 100 | 80 | 90 | 60 |
| Mahitaji | 60 | 40 | 50 | 150 |

Wanahisabati huliita hili tatizo la usafirishaji. Mmarekani Frank Hitchcock aliliandikia makala mwaka 1941. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Tjalling Koopmans, mchumi Mholanzi aliyekuwa Washington, alilifikia kwa njia yake akipigia hesabu safari za meli za mizigo. Mwaka 1951 George Dantzig akaonyesha jinsi njia yake ya simpleksi inavyoweza kufanyika ndani ya jedwali kama hili, bila milolongo ya milinganyo. Tangu hapo wanafunzi wa biashara, uhasibu na ugavi wamekuwa wakilikokotoa darasani, na wengi wao hukwama mahali pamoja. Mimi nilikwama hapohapo, na ndipo ninapotaka tupaangalie kwa utulivu.

Mgawo wa kwanza

Tuanze na njia ambayo kila mtu angeifikiria: jaza kwanza kisanduku chenye nauli ndogo kabisa. Nauli ndogo kuliko zote ni 50, kutoka Makambako kwenda Dodoma. Makambako ina tani 40, na Dodoma wanataka tani 40. Tunaandika 40. Ghala limekwisha na soko limetosheka kwa mpigo mmoja, kwa hiyo tunafuta safu mlalo ya Makambako na safu wima ya Dodoma.

Katika visanduku vilivyobaki, nauli ndogo ni 80, Songea kwenda Dar. Songea inatoa tani zake zote 50. Dar bado wanadai 10. Inayofuata ni 90, Sumbawanga kwenda Mwanza, tani 50. Sumbawanga imebakiwa na tani 10, nazo zinakwenda Dar kwa nauli ya 100. Kazi imekwisha: maghala matupu, wateja wote wamepata.

Gharama yake: tani 40 kwa 50 ni 2,000, tani 50 kwa 80 ni 4,000, tani 10 kwa 100 ni 1,000, tani 50 kwa 90 ni 4,500. Jumla ni 11,500, yaani shilingi milioni 11 na laki tano.

Sasa hesabu visanduku vilivyojazwa. Ni vinne. Kanuni inasema vinatakiwa viwe idadi ya safu mlalo, ukiongeza safu wima, ukitoa moja: 3 + 3 − 1, yaani vitano. Tumepungukiwa na kimoja. Jedwali la namna hii nitaliita jedwali pungufu.

Upungufu huo ulizaliwa kwenye hatua ya kwanza kabisa. Kwa kawaida kila kisanduku tunachojaza hufunga upande mmoja tu: ama ghala linakwisha na soko bado linadai, ama soko linatosheka na ghala bado lina mzigo. Kisanduku cha mwisho peke yake ndicho hufunga pande zote mbili. Hapa Makambako na Dodoma walilingana 40 kwa 40, wakafungwa pamoja mapema, na kisanduku kimoja kikapotea njiani.

Kwa nini vitano?

Mgawo wetu haujakosea popote. Kila tani ina pa kwenda, na malori yanaweza kuondoka kesho. Basi upungufu unamdhuru nani? Unamdhuru yule anayetaka kujua kama mgawo huu ndio wa bei ndogo kuliko wote.

Fikiria watu sita waliosimama mstari mmoja wakashikana mikono. Hesabu mahali mikono ilipokutana: ni patano. Pakiwa panne tu, mstari umekatika, na yamekuwa makundi mawili. Pakiwa pasita, kuna walioshikana wakafanya duara. Maghala yetu matatu na masoko yetu matatu ndio watu hao sita, na kila kisanduku kilichojazwa ni mikono iliyoshikana. Vitano vinatosha kuwaunganisha wote bila duara.

Sasa watazame wetu. Songea imeshika Dar, Dar imeshika Sumbawanga, Sumbawanga imeshika Mwanza. Hilo ni kundi moja, lina wanne. Pembeni, Makambako na Dodoma wameshikana wawili peke yao, hawagusani na mwingine yeyote. Jedwali letu limegawanyika visiwa viwili.

Athari yake inaonekana tunapoanza kuupima mgawo. Kipimo kinachofundishwa zaidi hufanya hivi: kila ghala linapewa namba yake, na kila soko linapewa namba yake, kwa sharti kwamba katika kila kisanduku kilichojazwa, namba ya ghala ukijumlisha na namba ya soko upate nauli ya kisanduku hicho. Unaanza kwa kuipa safu moja sifuri, kisha unafuata viungo hadi kila mmoja apate namba. Halafu unakwenda kwenye visanduku vitupu. Kwa kila kimoja unachukua nauli yake, unatoa namba ya ghala na namba ya soko. Jibu likiwa chini ya sifuri, kisanduku hicho kinaahidi kupunguza gharama.

Jaribu kwenye jedwali letu. Makambako ni sifuri, kwa hiyo Dodoma ni 50. Kisha? Hakuna kiungo kinachotutoa kwenye kisiwa hiki kwenda kile cha pili. Namba za Songea, Sumbawanga, Dar na Mwanza hazipatikani. Ukianza upande wa pili, utawapata wanne na kuwakosa wawili. Hivyo ndivyo jedwali linavyokujulisha kwamba lina upungufu, hata kama ulisahau kuhesabu visanduku.

Sifuri yenye kazi

Dawa yake inashangaza kwa wepesi. Tunachagua kisanduku kimoja kitupu na kukihesabu kuwa kimejazwa, ilhali hakibebi kitu. Ndani yake tunaandika herufi ya Kigiriki ε, epsiloni. Ichukulie kuwa ni punje moja ndogo mno: iko juu ya sifuri, lakini ukiiongeza kwenye tani 40 bado ni 40, na ukiitoa kwenye tani 10 bado ni 10. Ukiizidisha kwa nauli yoyote, gharama haisogei. Kazi yake ni kushika mikono ya watu wawili waliokuwa hawajashikana.

Swali gumu ni wapi iwekwe, na hapa ndipo wengi hupotea. Nilipokuwa mwanafunzi nilikariri kwamba epsiloni huwekwa kwenye kisanduku kitupu chenye nauli ndogo, nikaishia hapo. Siku moja mwalimu wetu alipita nyuma ya meza yangu, akalitazama jedwali langu ambalo nilikuwa nimelifuta hadi karatasi ikatoboka, akaniambia: “Mwanangu, usitazame nauli kwanza. Tazama nani hajaunganishwa.” Kisha akachora pembeni vidoti vya maghala upande mmoja na vidoti vya masoko upande wa pili, akavuta mstari kwa kila kisanduku nilichojaza. Visiwa vikajitokeza vyenyewe.

Tuone kosa lenyewe. Tuseme umeiweka epsiloni kwenye Songea kwenda Mwanza. Visanduku sasa ni vitano, na idadi imetimia. Lakini Songea na Mwanza walikuwa tayari kisiwa kimoja. Ulichofanya ni kufunga duara: Songea, Dar, Sumbawanga, Mwanza, kurudi Songea. Makambako na Dodoma bado wako peke yao.

Namba zenyewe zitakukatalia. Ipe Songea sifuri: Dar itakuwa 80, Sumbawanga 20, Mwanza 70. Sasa kisanduku cha Songea na Mwanza kinataka jumla iwe 140, lakini sifuri na 70 ni 70. Namba zinagombana upande mmoja, na upande mwingine hazipatikani. Ukiona dalili hizo mbili kwa pamoja, ujue epsiloni imekaa pasipo pake.

Kwa hiyo kanuni ina sehemu mbili, na mpangilio wake una maana. Kwanza, kisanduku kiunganishe visiwa viwili, yaani kisifunge duara na vilivyojazwa. Hili ni sharti. Pili, kati ya vinavyotimiza sharti hilo, chagua chenye nauli ndogo. Huu ni ushauri tu, kwa sababu kwa kawaida hufupisha kazi.

Visanduku vinavyounganisha visiwa vyetu ni vinne: Makambako kwenda Dar kwa 60, Makambako kwenda Mwanza kwa 110, Songea kwenda Dodoma kwa 90, na Sumbawanga kwenda Dodoma kwa 80. Cha nauli ndogo ni Makambako kwenda Dar. Tunaiweka epsiloni hapo.

Kipimo kinafanya kazi

Sasa namba zinatiririka. Makambako sifuri, kwa hiyo Dodoma ni 50 na Dar ni 60. Songea ni 20, maana 20 na 60 ya Dar ni 80. Sumbawanga ni 40, maana 40 na 60 ni 100. Mwanza ni 50, maana 40 na 50 ni 90. Wote sita wamepata.

Tupime visanduku vinne vitupu. Makambako kwenda Mwanza: 110 toa 0 toa 50, jibu 60. Songea kwenda Dodoma: 90 toa 20 toa 50, jibu 20. Songea kwenda Mwanza: 140 toa 20 toa 50, jibu 70. Sumbawanga kwenda Dodoma: 80 toa 40 toa 50, jibu ni −10.

Hiki cha mwisho ndicho tulichokuwa tukikitafuta. Kinasema kila tani itakayotoka Sumbawanga kwenda Dodoma itaokoa shilingi elfu kumi. Ili kuipeleka bila kuvuruga jumla za pembeni, tunazunguka kitanzi: ongeza Sumbawanga–Dodoma, punguza Makambako–Dodoma, ongeza Makambako–Dar, punguza Sumbawanga–Dar. Penye kupunguza pana tani 40 na tani 10. Hatuwezi kutoa zaidi ya kilichopo, kwa hiyo tunahamisha 10.

Mgawo mpya ni huu. Makambako inapeleka Dodoma 30 na Dar 10. Songea inapeleka Dar 50. Sumbawanga inapeleka Dodoma 10 na Mwanza 50. Visanduku ni vitano kamili, na epsiloni imemezwa na zile tani 10 zilizoingia kisanduku chake. Ukipima tena, vitupu vyote vinatoa majibu yaliyo juu ya sifuri: 50, 20, 60 na 10. Hakuna mgawo wa bei ndogo kuliko huu. Gharama yake ni 11,400, yaani shilingi laki moja imeokolewa.

Angalia kilichotokea. Kisanduku cha Makambako na Dar, ambacho mgawo wa kwanza uliuacha mtupu, ndicho kilichofungua njia. Bila kukiunganisha tungebaki na mgawo halali wa milioni 11 na laki tano, na kipimo kisingeweza kutuambia kama ni mzuri au mbaya.

Epsiloni inapohama peke yake

Je, mtu akichagua kisanduku kingine kinachounganisha, lakini chenye nauli kubwa? Tujaribu Songea kwenda Dodoma, nauli 90. Makambako sifuri, Dodoma 50, Songea 40, Dar 40, Sumbawanga 60, Mwanza 30. Sumbawanga kwenda Dodoma sasa inatoa 80 toa 60 toa 50, jibu −30. Inaonekana ni neema kubwa: elfu thelathini kwa kila tani!

Zunguka kitanzi: ongeza Sumbawanga–Dodoma, punguza Songea–Dodoma, ongeza Songea–Dar, punguza Sumbawanga–Dar. Penye kupunguza pana epsiloni na pana tani 10. Kidogo zaidi ni epsiloni, kwa hiyo tunachohamisha ni epsiloni tu. Inatoka Songea–Dodoma inaingia Sumbawanga–Dodoma. Hakuna gunia hata moja lililohama, na gharama ni ileile 11,500.

Mwanafunzi akifika hapa hudhani ameharibu. Hajaharibu. Mgawo haukubadilika, lakini namna jedwali lilivyounganishwa imebadilika, na kwa hiyo namba nazo zinabadilika. Ukipima upya, utaona Makambako kwenda Dar inatoa −10. Kitanzi chake kinahamisha tani 10 za kweli na kukufikisha kwenye mgawo uleule wa 11,400. Umepita njia ndefu kwa hatua moja tu.

Kuna funzo la kushika hapa. Katika jedwali lenye epsiloni, jibu lililo chini ya sifuri peke yake halithibitishi kwamba mgawo ni ghali. Linathibitisha pale tu kitanzi chake kinapohamisha tani zenyewe. Kitanzi kikihamisha epsiloni peke yake, endelea kupima, usitangaze faida wala hasara.

Wataalamu wana wasiwasi mmoja juu ya hatua hizi zisizohamisha kitu: kwamba zinaweza kufuatana hadi jedwali lirudi lilikoanzia, na mtu akazunguka bila mwisho. Linawezekana, ingawa ni nadra sana. Mwaka 1952 Abraham Charnes alieleza kinga yake, ambayo wazo lake ni kubadilisha kiasi kwa punje ndogo ndogo tangu mwanzo ili mafungu yasilingane kabisa. Kwa jedwali la karatasini inatosha kukumbuka miunganiko uliyokwisha kuipitia, usiirudie.

Upungufu unaozaliwa katikati

Upungufu una mlango wa pili. Jedwali linaweza kuwa timamu, kisha likapungua wakati wa kuzunguka kitanzi. Hutokea visanduku viwili vya kupunguza vinapokuwa na kiasi sawa.

Tuchukue jedwali letu, lakini tuseme Makambako ilikuwa na tani 10 tu na Dodoma wanataka 10 tu, mengine yote kama yalivyo. Katika kitanzi chetu cha kwanza, penye kupunguza pangekuwa na 10 na 10. Ukihamisha 10, vyote viwili vinabaki vitupu kwa pamoja, lakini kilichoingia ni kimoja. Kosa la kawaida ni kuvifuta vyote viwili. Futa kimoja, na kile kingine ukiachie epsiloni. Hapa tungeuachia Makambako–Dodoma wenye nauli 50, na kufuta Sumbawanga–Dar wenye nauli 100. Safari hii huna haja ya kuhofia duara: mojawapo ya hivyo viwili ukikibakiza, viungo vitaendelea kuwa kamili.

Na mkipungukiwa visanduku viwili au vitatu, visiwa navyo vimeongezeka. Jedwali lililopungukiwa na viwili lina visiwa vitatu, na litahitaji epsiloni mbili. Weka moja, chora upya vidoti na mistari, ndipo uweke ya pili.

Kuliona kabla halijatokea

Upungufu huu hauji kwa bahati mbaya. Unaweza kutokea pale tu ambapo mzigo wa baadhi ya maghala, ukijumlishwa, unalingana kabisa na mahitaji ya baadhi ya masoko. Makambako 40 na Dodoma 40 ni mfano ulio wazi. Lakini ghala la 30 na ghala la 50 yakijumlishwa yanaweza kulingana na soko la 80, nalo hilo halionekani kwa kutupa jicho mara moja. Penye mafungu yanayolingana hivyo, mgawo unaweza kukatika vipande viwili visivyopeana kitu. Ndiyo maana jedwali la biashara halisi, linalopenda namba za mviringo kama lori moja la tani 30, hukutana na upungufu mara nyingi kuliko jedwali lenye namba zilizochanganyika.

Mwishoni, kama epsiloni imebaki, ifute: kisanduku chake ni sifuri, na hakuna dereva atakayepewa karatasi ya safari kwa ajili yake. Lakini kabla ya kuifuta, kumbuka kwamba namba za maghala na masoko ulizopata zilitegemea ilipokaa. Tuliona wenyewe: epsiloni ikiwa Makambako–Dar, Mwanza ilipata 50, ikiwa Songea–Dodoma, Mwanza ilipata 30. Mtu asizichukue namba hizo akazipeleka kwa mwenye mali kama thamani halisi ya ghala au soko.

Mpaka leo nikiona jedwali pungufu sigusi nauli. Nachora vidoti, navuta mistari, natafuta nani hajashikwa mkono.